Fungua Jalada Kabla ya Kuandika Wasifu

"Nilihusika na utoaji wa mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu." Sentensi ya namna hii utaikuta kwenye wasifu wa maofisa maendeleo ya jamii wengi waliopita halmashauri za Tanzania. Si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba ofisa ambaye vikundi vyake vilirejesha mkopo kwa wakati na yule ambaye vikundi vyake viliyeyuka na fedha wanaweza kuiandika kwa maneno yaleyale, na anayesoma maombi hana namna ya kuwatenganisha.

Sentensi hiyo huzaliwa pale mtu anapokaa mbele ya kompyuta, tangazo la kazi limebakiza siku mbili kufungwa, akaanza moja kwa moja kuandika. Kichwa peke yake hakina kikubwa cha kumpa. Kinakumbuka mambo ya mwaka huu na mwaka jana, kinakumbuka safari moja kubwa na ugomvi mmoja na bosi, na pengo linalobaki kinalijaza kwa majukumu yaliyokuwa kwenye barua ya ajira. Miaka sita ya kazi inageuka mistari minne inayoanza na "kuhakikisha" na "kushiriki".

Kuna njia nyingine, nayo inachosha kidogo mwanzoni. Mtu anaacha wasifu kando kabisa, anakusanya tathmini zake zote za zamani, na kutoka humo anatengeneza daftari lenye mambo matatu: majukumu aliyopewa, sifa alizosifiwa na matokeo aliyoyapata. Mistari ya wasifu huja baadaye, ikichotwa kutoka kwenye daftari hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wafanyabiashara, na miaka ya utumishi nayo ni mali.

Karatasi zilizopo

Watumishi wa umma wa Tanzania wana bahati ambayo wengi wao hawaioni. Tangu mwaka 2004 Serikali ilikuwa na mfumo wa tathmini uitwao OPRAS, kwa Kiswahili Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, au MWAMTUKA. Fomu yake ilikuwa TFN 832. Mwezi Julai mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo ya mwaka, vigezo vya kuyapimia na nyenzo zitakazotumika. Desemba waliyapitia. Juni walikaa tena na kupeana alama. Fomu ilijazwa nakala tatu, na moja ilikuwa ya mtumishi mwenyewe. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 kazi hiyo ilihamia kwenye mfumo wa kompyuta wa PEPMIS, ambao mtumishi huuingia kwa akaunti yake na kuandika utekelezaji mwaka ukiwa unaendelea.

Wengi waliziona fomu hizo kama karatasi za kupandishia cheo, wakazisaini na kuzisahau. Nakala ya mtumishi ikipotea, ya ofisini huwa kwenye jalada lake binafsi, masijala. Kinachotakiwa ni barua fupi kwa mwajiri, kupitia kwa msimamizi, ya kuomba nakala za tathmini za miaka fulani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinatambua haki ya mtu kupata taarifa zinazomhusu mwenyewe. Mwalimu wa Kenya aliye chini ya TSC naye ana hazina kama hiyo kwenye TPAD, tathmini iliyoanza kutumika mwaka 2016, ambayo yeye hujipima kwanza kisha msimamizi wake anathibitisha.

Aliyeko sekta binafsi huenda hana fomu yoyote. Hata hivyo ana barua ya nyongeza ya mshahara inayotaja sababu, barua ya bonasi, baruapepe ambayo bosi alimshukuru baada ya kufunga mahesabu, cheti cha Mfanyakazi Bora alichopewa Mei Mosi. Kila karatasi yenye tarehe, yenye mtu mwingine anayeisemea kazi yako, ni tathmini kwa maana tunayoitaka hapa.

Nakili kwanza, hukumu baadaye

Tumchukue ofisa maendeleo ya jamii mmoja wa kata. Nimemtunga kwa ajili ya makala haya, lakini kazi yake ni ya kweli: halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisa wetu alianza kazi Julai 2017. Sasa anataka kuomba nafasi ya usimamizi wa mradi wa uwezeshaji kiuchumi kwenye shirika lisilo la kiserikali. Mezani ana fomu za miaka mitano, maana ya 2020/21 haionekani, pamoja na barua moja ya pongezi na cheti kimoja cha Mei Mosi.

Hatua ya kwanza ni kuzipanga kwa mwaka, kuanzia ya zamani, na kunakili maneno yenye maana kama yalivyo. Kama msimamizi aliandika kwa Kiingereza, linakiliwa kwa Kiingereza. Kama aliandika kwa mkato, mkato unabaki. Kishawishi cha kuboresha lugha ni kikubwa, na ndicho kinachoharibu kazi nzima, kwa sababu neno lililoboreshwa halikumbushi tena tukio lililolizaa. Msimamizi wake wa mwaka 2018/19 aliandika "anajituma sana". Mwaka uliofuata aliandika "amefuatilia marejesho vizuri, ila awasilishe taarifa mapema". Mwaka 2021/22 alikuja msimamizi mwingine, akaandika "taarifa zake zinaaminika na hazichelewi".

Baada ya kunakili ndipo kila kipande kinawekewa alama: J kwa jukumu, S kwa sifa, M kwa matokeo. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu karatasi waliyodhani imejaa mafanikio inageuka kuwa na J nyingi, S chache na M mbili tatu. "Kuratibu vikundi vya kiuchumi katika kata" ni J. Kila ofisa wa cheo hicho analo jukumu hilo, hata yule anayeshinda amekaa chini ya mwembe. "Mbunifu" ni S. "Vikundi 11 vilikaguliwa kabla ya kupewa mkopo" inaelekea kuwa M, ingawa bado haijakamilika.

Kuvitenganisha vitu hivi vitatu kuna faida kwa sababu kila kimoja kina kazi yake. Jukumu linaonyesha ukubwa wa uwanja uliochezea: kata ngapi, vikundi vingapi, fedha kiasi gani. Matokeo yanaonyesha kilichobadilika. Sifa, kwa upande wake, haiingii kwenye wasifu kabisa, maana kila mwombaji anajiita mchapakazi na hakuna msomaji anayemwamini. Thamani ya sifa iko kwingine.

Sifa ni dalili

Msimamizi hasifu hewani. Hata anapojaza fomu kwa haraka saa tisa alasiri ya Juni 30, neno analochagua mara nyingi lina tukio nyuma yake. Kazi ya mwenye daftari ni kulifuata neno hilo mpaka kwenye tukio, kwa maswali matatu ya kawaida. Aliandika hivi kwa sababu ya nini? Ilikuwa lini? Kabla ya hapo hali ilikuwaje?

Ofisa wetu analichukua "amefuatilia marejesho vizuri" la 2019/20. Anakumbuka kwamba mwaka huo alianza kuvitembelea vikundi siku za vikao vyao badala ya kuwaita viongozi ofisini. Alifungua daftari la marejesho la kila kikundi, akawa analinganisha risiti za benki na kumbukumbu za mweka hazina wa kikundi palepale kwenye kikao, mbele ya wanachama. Kikundi kimoja kiligundulika kuwa mweka hazina alipokea fedha za wanachama miezi miwili bila kuzipeleka benki. Hayo yote hayakuwamo kwenye fomu. Fomu ilikuwa na maneno matatu tu, lakini bila maneno hayo matatu asingeyakumbuka.

"Anajituma sana" la mwaka 2018/19 halimkumbushi kitu. Analiacha. Si kila sifa ina kitu ndani yake, na kuilazimisha ni kuanza kutunga.

Barua ya pongezi ya mwaka 2020 inamsaidia zaidi. Inamshukuru kwa "uhakiki wa vikundi kabla ya kuidhinishwa". Akifuatilia, anakumbuka kwamba vikundi 15 viliomba mkopo, akaenda kuonana na wanachama mmoja mmoja, na vinne vikaonekana kuwa vya makaratasi: majina ya watu wa familia moja, mradi wa kuku usio na hata banda. Alipendekeza visipewe. Mwenyewe alikuwa ameuhesabu uhakiki huo kuwa shughuli ya kawaida. Aliyeandika barua aliona tofauti, na tofauti hiyo ndiyo shirika linaloajiri linaitafuta.

Hesabu inayodanganya bila kukusudia

Kwenye matokeo ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu namba iliyokosewa ni hatari kuliko kutokuwa na namba.

Tuseme ofisa wetu anakuta kwamba mwaka 2018/19 vikundi sita vya kata yake vilipewa jumla ya Sh24 milioni. Kufikia Juni 30, 2019 vilikuwa vimerejesha Sh5.4 milioni. Mwaka 2021/22 taarifa inasema marejesho yalikuwa asilimia 85. Anagawa Sh5.4 milioni kwa Sh24 milioni, anapata asilimia 22.5, na kwa furaha anaandika kwamba aliongeza marejesho kutoka asilimia 22.5 hadi 85.

Hesabu ya kugawa ni sahihi, lakini ulinganisho si sahihi. Ile asilimia 85 ya mwaka 2021/22 ilipatikana kwa kugawa Sh26.35 milioni zilizorejeshwa kwa Sh31 milioni zilizokuwa zimefikia muda wa kurejeshwa. Mwaka 2018/19 mikopo mingi ilitolewa katikati ya mwaka, na kufikia Juni ni Sh10 milioni tu zilizokuwa zimefikia muda. Kwa kipimo hichohicho, mwaka ule wa kwanza ulikuwa na asilimia 54. Kwa hiyo ukweli ni kutoka 54 hadi 85. Bado ni kazi nzuri sana, na inasimama hata mbele ya mtu wa mikopo ambaye swali lake la kwanza kwenye usaili litakuwa: umegawa kwa nini?

Ndiyo maana kila M kwenye daftari inaandikwa pamoja na vitu vinne visivyoachana: namba yenyewe, imegawanywa kwa nini, ni ya kipindi gani, na kabla yake ilikuwa ngapi. Kikikosekana kimoja, mstari unabaki na alama ya kuuliza mpaka kipatikane. Na kisipopatikana, matokeo yanaandikwa bila asilimia. "Vikundi vinne vya makaratasi vilizuiwa kati ya 15 vilivyoomba" haina asilimia yoyote, na inaeleweka vizuri zaidi kuliko takwimu nyingi ninazoziona kwenye wasifu.

Kuna jambo la tano, nalo ni sehemu yako. Mkopo wa halmashauri hauidhinishwi na ofisa wa kata. Kuna kamati, kuna mtendaji wa kata, kuna watu wa fedha makao makuu ya halmashauri. Pembeni ya kila tokeo andika wewe ulifanya lipi. Ofisa wetu hakutoa Sh31 milioni. Alihakiki waombaji na kufuatilia marejesho. Vitenzi viwili hivyo ni vya kwake bila ubishi, na mtu yeyote atakayepigiwa simu halmashauri atavithibitisha.

Mazingira nayo yaandikwe. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo ya asilimia 10 ili kupanga upya utaratibu, na ikarejeshwa mwaka 2024. Tathmini ya ofisa wetu ya 2023/24 itaonyesha sifuri kwenye vikundi vipya vilivyokopeshwa. Asiyeandika sababu leo atajikuta miaka mitatu baadaye anajieleza mbele ya jopo kuhusu mwaka ambao "hakufanya kitu", hali mwaka huo alikuwa akizunguka kukusanya madeni ya zamani, kazi ambayo ni ngumu kuliko kukopesha.

Fomu isiyosema ukweli

Haitakuwa haki kuzisifu fomu hizi bila kutaja udhaifu wake, ambao kila aliyefanya kazi serikalini anaujua. Zipo zilizojazwa zote siku moja, malengo ya Julai na alama za Juni kwa kalamu ileile, kwa sababu majina ya kupandishwa vyeo yalikuwa yanatakiwa kesho yake. Zipo ambazo msimamizi aliwapa watumishi wote wa idara alama moja ili pasiwe na manung'uniko.

Fomu ya aina hiyo inajulikana. Tazama tarehe: kama makubaliano, mapitio ya nusu mwaka na tathmini ya mwisho vina tarehe zinazokaribiana, basi malengo yaliandikwa kazi ikiwa imekwisha, na lazima yatimie. Tazama maoni: kama sentensi ya mwaka huu ni ileile ya mwaka jana, neno kwa neno, hakuna aliyefikiri. Tazama pia safu za alama. Kwenye TFN 832 kila lengo lilikuwa na alama ya mtumishi, alama ya msimamizi na alama waliyokubaliana. Zikiwa sawa kote, ukurasa mzima, pengine hakukuwa na mazungumzo. Zikitofautiana sehemu moja, hapo palizungumzwa kitu, na mara nyingi kinafaa kukumbukwa.

Suala la alama lina mtego wake. Katika OPRAS, 1 ilikuwa alama ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Anayeandika kwenye wasifu kwamba alipata "1 kati ya 5" kwa shirika ambalo kwao 5 ndiyo bora anajishusha mwenyewe. Kwenye daftari iandike pamoja na maana yake. Kwenye wasifu iache kabisa.

Kama fomu ni dhaifu, au haipo kama ile ya 2020/21, mwaka huo haufutwi. Ofisa wetu ana taarifa za robo mwaka alizoziandika mwenyewe, kuna mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata yenye hoja alizowasilisha, kuna shajara yake ya mezani. Zinakubalika kwenye daftari, ila kwenye safu ya chanzo aeleze wazi kwamba hiki ni kumbukumbu yake na hiki ni cha mtu mwingine. Tofauti hiyo itamsaidia baadaye kujua ni mstari upi wa kuutanguliza.

Na kwa kuwa tunazungumzia karatasi za ofisi: nakala ya tathmini yako ni yako, lakini orodha ya wanachama wa kikundi, namba zao za simu na madeni yao si yako. Hesabu ichukuliwe, majina yabaki ofisini. Mtu anayekuja kwenye usaili na jalada la wateja wa mwajiri wake wa zamani anamwonyesha mwajiri mpya jinsi atakavyomfanyia yeye.

Yanayojirudia

Miaka yote ikishakaa kwenye daftari moja, lisome kwa kushuka, mwaka hadi mwaka, usilisome kwa mstari mmoja mmoja. Unatafuta kinachojirudia, hasa kinachosemwa na watu tofauti. Msimamizi mmoja akikusifu miaka mitatu kwa jambo moja, huenda ni tabia yake ya kuandika. Wasimamizi wawili wasiofahamiana wakilitaja jambo lilelile, hilo ni lako.

Kwa ofisa wetu, neno "uhakiki" linatokea kwenye barua ya 2020, linatokea kwa maneno mengine mwaka 2021/22 ambapo bosi mpya anasema taarifa zake zinaaminika, na liko nyuma ya tukio la mweka hazina la 2019/20. Mwenyewe alikuwa amepanga kujitambulisha kwenye wasifu kama mhamasishaji wa jamii, kwa sababu ndivyo alivyosomea na ndivyo anavyojiona. Karatasi zake zinasema ni mtu wa kuhakiki na kufuatilia. Kwa nafasi ya kusimamia mradi wenye fedha za wafadhili, hilo la pili lina uzito mkubwa zaidi, na amelipata kwa kusoma maneno ya watu wengine.

Lawama nazo zinanakiliwa. "Awasilishe taarifa mapema" la 2019/20 halitaingia kwenye wasifu, lakini likiwekwa karibu na "hazichelewi" la 2021/22 linatoa kisa kizima. Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na nini? Alikuwa anasubiri vikundi vyote vilete hesabu ndipo aandike. Akaanza kuandika taarifa kila baada ya kikao cha kikundi, akijaza pengo baadaye. Jopo la usaili hupenda kuuliza kuhusu udhaifu na namna ulivyoushughulikia. Jibu lake liko tayari, lina miaka, na lina mashahidi wawili.

Upande wa pili, daftari linaonyesha pia usichokuwa nacho. Tangazo la kazi linataka uzoefu wa kusimamia wafanyakazi. Ofisa wetu anashuka na daftari lote na hakuti J wala M inayohusu kusimamia mtu, isipokuwa wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo mwaka 2022. Afadhali ajue sasa, aandike wanafunzi hao wawili kama walivyo, kuliko kuandika "uongozi wa timu" na kuulizwa timu ilikuwa ya watu wangapi.

Kutoka kwenye daftari

Hapo ndipo uandishi unapoanza, na unakwenda haraka kuliko inavyotarajiwa. Mstari mmoja wa daftari la ofisa wetu unasomeka hivi:

Mwaka: 2018/19 hadi 2021/22. Chanzo: TFN 832 za miaka hiyo, taarifa za robo mwaka. Jukumu: ufuatiliaji wa mikopo ya asilimia 10 katika kata moja. Sifa: "amefuatilia marejesho vizuri". Matokeo: marejesho yaliyofikia muda, kutoka asilimia 54 (Sh5.4 milioni kati ya Sh10 milioni) hadi 85 (Sh26.35 milioni kati ya Sh31 milioni). Sehemu yangu: kutembelea vikundi siku za vikao, daftari la marejesho la kila kikundi. Wa kuthibitisha: msimamizi wa wakati huo.

Kwenye wasifu mstari huo unakuwa: "Nilifuatilia mikopo ya vikundi katika kata moja kwa kulinganisha risiti za benki na hesabu za kikundi kila kikao, marejesho yaliyofikia muda yalipanda kutoka asilimia 54 mwaka 2018/19 hadi 85 mwaka 2021/22." Sifa imetoweka, chanzo kimetoweka, jina la msimamizi limehamia kwa wadhamini. Wa pili unaandikwa kutokana na uhakiki wa vikundi 15, wa tatu kutokana na taarifa. Mistari mitatu au minne ya aina hii kwa nafasi moja ya kazi inatosha. Mingine yote inabaki kwenye daftari, kwa sababu tangazo lijalo litataka kitu kingine na hutaanza upya.

Sipendi mtindo wa kuchukua mistari ya wasifu wa rafiki na kubadilisha namba. Pamoja na kuwa ni udanganyifu, unashindwa kwa sababu ya kawaida kabisa: aliyeazima mstari hana mstari wa daftari nyuma yake, na swali la pili kwenye usaili humfikisha mwisho.

Kwa walioko kazini leo, PEPMIS imerahisisha jambo moja na kuongeza hatari moja. Utekelezaji unaandikwa mwaka ukiendelea, kwa hiyo namba hazisubiri Juni. Lakini akaunti ni ya ajira, na anayeondoka asitegemee kuifungua tena. Kila robo mwaka inapoisha, chapisha au nakili ulichoandika pamoja na maoni ya msimamizi, na uongeze kwa mkono yale ambayo mfumo haukuulizi: umegawa kwa nini, hali ilikuwaje kabla, na sehemu yako ilikuwa ipi.